Kusasisha ruta bila kupoteza njia ya kuzifikia kamera

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye ruta yake haitumiki kwa kuvinjari tu, bali pia inaruhusu kifaa kilichomo ndani kifikiwe kutoka mbali. Mfano nitakaoutumia ni yadi ya mbao iliyoko Mafinga, ambayo mwenyewe anaishi Mbeya na huitazama kupitia simu kila jioni wakati malori yanapopakia. Yadi ile ina kamera sita, DVR moja inayorekodi, na ruta moja. Mambo yale yale yatafaa kwa duka la pembejeo la Makambako au nyumba ya wageni ya Tukuyu, mradi tu pawe na kifaa cha ndani kinachotafutwa kutoka nje.

Ruta huwa na anwani moja inayoonekana kwenye intaneti, lakini nyuma yake kuna vifaa vingi, kila kimoja kikiwa na anwani yake ya ndani. Ombi likitoka nje, ruta haiwezi kujua ni la kifaa kipi mpaka iwe imeelekezwa mapema kwamba, kwa mfano, chochote kinachogonga poti 37777 kipelekwe kwenye anwani 192.168.1.50. Agizo hilo ndilo linaloitwa kuelekeza poti, na kwenye skrini ya ruta utalikuta chini ya `Port Forwarding` au `Virtual Servers`. Namba 37777 ndiyo inayotumiwa kwa kawaida na DVR za Dahua. Za Hikvision hutumia 8000. Namba yako unaweza kuisoma kwenye ukurasa wa mtandao wa DVR yenyewe.

Unaposasisha programu dhibiti ya ruta, programu mpya huandikwa juu ya ile ya zamani, huku mipangilio yako ikiwa imehifadhiwa katika sehemu nyingine ya kumbukumbu. Ikiwa toleo jipya linaipanga mipangilio kwa namna tofauti na toleo la zamani, basi ama litaibadilisha ifuate mpango mpya, ama litaitupa yote na kurudi katika hali ya kiwandani, ama litaichukua baadhi na kuiacha mingine. Hali ya kiwandani ni rahisi kuitambua, kwa sababu hata jina la waifai hubadilika na watu wote wa hapo huanza kulalamika. Hali ya tatu ndiyo inayosumbua, kwa kuwa intaneti inaendelea kufanya kazi na hakuna anayeshtuka mpaka siku kamera zinapohitajika.

Kwa nini nakala rudufu peke yake haitoshi

Ruta nyingi hukuruhusu kupakua faili la mipangilio, mara nyingi katika ukurasa wenye jina kama `Backup & Restore`. Lipakue, lakini usilitegemee peke yake. Faili hilo hufungamana na modeli ileile, na mara nyingi pia na toleo lilelile la programu. Ukilirudisha kwenye toleo jipya, ruta inaweza kulikataa, au ikalipokea na kurejesha vipengele ambavyo toleo jipya halivisomi kwa namna ileile. Zaidi ya hapo, mafaili mengi ya aina hii yamefungwa kwa namna ambayo huwezi kuyafungua na kusoma kilichomo. Radi ikiua ruta yako mwezi wa Februari na ukanunua ya kampuni nyingine, faili hilo halina faida yoyote. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono inasomeka na fundi yeyote, mbele ya ruta yoyote.

Kabla ya kugusa chochote

Fanya kazi hii ukiwa mahali ruta ilipo, na uunganishe kompyuta kwa kebo badala ya waifai. Kusasisha ruta ya Mafinga ukiwa umeketi Mbeya inawezekana, lakini ruta ikisahau jina la kuingilia mtandao wa kampuni inayokupa intaneti, intaneti itakatika papo hapo na njia yako ya kuirekebisha itakuwa imekatika pamoja nayo. Kitakachobaki ni kupanda basi.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kamera zinafikika kutoka nje kabla ya sasisho. Zima waifai kwenye simu, tumia data ya laini, kisha fungua programu ya kamera. Ukiruka jaribio hili na kamera zikakataa baadaye, hutajua kama tatizo limeletwa na sasisho au lilikuwepo tangu mwezi uliopita. Angalia pia njia ambayo programu ya simu inatumia: ikiwa DVR iliongezwa kwa kuskani msimbo wake, huenda inapitia seva ya mtengenezaji na haitegemei kuelekezwa kwa poti hata kidogo. Mwongozo huu unahusu ile iliyoongezwa kwa kuandika anwani na namba ya poti.

Halafu linganisha anwani ya nje inayoonekana kwenye ukurasa wa hali wa ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kutambua anwani yako ya IP. Zikiwa sawa, vizuri. Ikiwa ruta inaonyesha anwani iliyo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, maana yake kampuni ya mtandao imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na hapo kuelekeza poti katika ruta yako hakutafanya kazi hata ukiandika kila kitu kwa usahihi. Hilo ni la kuzungumza na kampuni, kwa kuomba anwani ya umma. Nalitaja mapema kwa sababu kampuni inaweza kukuhamishia kwenye mpango huo wakati wowote, na ukalaumu sasisho ambalo halina kosa.

Karatasi yenyewe

Andika kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi moja, na uache nafasi ya kuongeza masahihisho. Hivi ndivyo ilivyoandikwa karatasi ya yadi ile ya Mafinga, baada ya kuondoa yale yasiyohusu wasomaji:

```
RUTA: modeli ..... toleo la umbo: V3
Programu dhibiti: kabla ..... baada .....
NJE: PPPoE, jina ..... VLAN: hakuna
NDANI: 192.168.1.1   255.255.255.0
DHCP: .100 hadi .199, muda dakika 1440
HIFADHI: DVR, MAC ....., 192.168.1.50
POTI: nje 37777, ndani 37777, TCP,
      kwenda 192.168.1.50, imewashwa
UPnP: imezimwa   Usimamizi wa mbali: umezimwa
```

Modeli na toleo la umbo vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta. Usipuuze herufi V na namba inayoifuata, kwa kuwa ruta mbili zenye jina moja, moja V2 na nyingine V3, zinaweza kuwa na vipuri tofauti ndani yake, na programu ya moja haifai kwa nyingine.

Upande wa nje ndio unaowakwamisha watu wengi. Ikiwa kampuni inatumia PPPoE, ruta ina jina na nenosiri ambavyo fundi aliyeifunga aliviweka siku ya kwanza na kuondoka navyo. Jina utaliona kwenye skrini, ila nenosiri huonyeshwa kama vitone. Ipigie kampuni simu kabla ya kusasisha, upewe nenosiri hilo pamoja na namba ya VLAN kama ipo, kwa sababu ukishakosa intaneti siku ya Jumamosi jioni utakuwa unamtafuta mtu ambaye ofisi yake imefungwa. Manenosiri yote yaandike kwenye karatasi ya pili na uifungie mahali pengine. Karatasi ya kwanza inaweza kubandikwa karibu na ruta bila hatari kubwa. Ya pili isibandikwe kamwe.

Mstari wa hifadhi unahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa ndio uliotuponza. DVR inaweza kupata anwani yake kwa njia mbili: ama anwani imeandikwa ndani ya DVR yenyewe, ama DVR huiomba ruta kwa utaratibu uitwao DHCP, na ruta imeagizwa kwamba kifaa chenye namba fulani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo kila kifaa hutoka nayo kiwandani, kipewe 192.168.1.50 siku zote. Njia hii ya pili hupatikana kwenye skrini kwa jina `Address Reservation`. Andika kwa uwazi ni njia ipi inayotumika kwako. Nimeona karatasi nyingi za mafundi zenye anwani ya DVR lakini zisizoeleza ilikotoka, na bila maelezo hayo mtu anayefuata anabaki kubahatisha.

Baada ya kuandika, piga picha ya kila ukurasa wa mipangilio kwa simu. Picha husaidia pale unapokuwa umesahau kuandika jambo, lakini hazichukui nafasi ya karatasi, maana baada ya miezi minane zimezama katikati ya picha za harusi na za mazao.

Siku ya kusasisha

Pakua faili kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukichagua modeli na toleo la umbo lililo kwenye kibandiko. Soma maelezo ya toleo hilo, kwa sababu watengenezaji wengine huandika wazi kwamba mipangilio itafutwa. Faili likija limebanwa, lifungue kwanza, kisha uipe ruta lile la ndani, ambalo mara nyingi huishia na `.bin`.

Umeme ukikatika wakati programu inaandikwa, ruta inaweza isiwake tena. Huku kwetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ya mchana ni jambo la kutarajiwa, na radi huja nayo. Kwa hiyo ifanye kazi hii asubuhi, na ruta pamoja na kompyuta viwe kwenye UPS au kompyuta iwe na betri yenye chaji. Ukishabonyeza kitufe cha kusasisha, usizime kitu, hata kama skrini imeganda, mpaka zipite dakika kumi kamili.

Kulinganisha, kwa kuanzia chini

Ruta ikishawaka, kishawishi ni kukimbilia ukurasa wa kuelekeza poti kuona kama agizo bado lipo. Anza na vilivyo chini yake. Agizo la poti limesimama juu ya hifadhi ya anwani, hifadhi imesimama juu ya mtandao wa ndani, na vyote havina maana ikiwa upande wa nje haujaunganishwa. Kwa hiyo fuata mpangilio wa karatasi: nje, ndani, DHCP, hifadhi, kisha poti.

Kwenye kompyuta ya Windows andika amri hii ili ujue ruta iko katika anwani gani sasa:

```
ipconfig
```

Mstari wa `Default Gateway` ukionyesha 192.168.0.1 wakati karatasi inasema 192.168.1.1, ruta imerudi kwenye mtandao wa kiwandani. DVR yenye anwani iliyoandikwa ndani yake, mathalani 192.168.1.50, haitaonekana tena, na hata ukijaza agizo la poti upya ruta nyingi zitakataa kwa kuwa anwani hiyo haimo katika mtandao wao. Usibadilishe DVR. Rudisha anwani ya ruta kuwa 192.168.1.1 kama karatasi inavyosema, subiri iwake tena, kisha endelea. Ukianza kubadilisha vifaa vya ndani ili vifuate ruta, utabadilisha pia printa, mashine ya malipo na vingine ulivyovisahau.

Ikiwa maagizo ya poti yamefutika kabisa, kazi ni fupi: yaandike upya kutoka kwenye karatasi, ukihakikisha umechagua TCP na kwamba kitufe cha kuwasha kimewashwa. Toleo jipya wakati mwingine huleta agizo la zamani likiwa limezimwa.

Kisa cha yadi ya Mafinga

Tulisasisha saa kumi na mbili jioni, ambao haukuwa wakati mzuri, lakini mchana wote yadi ilikuwa na wateja. Jina la waifai lilibaki lilelile, intaneti ilirudi, agizo la poti lilikuwepo na limewashwa. Nilizima waifai, nikafungua kamera kwa data ya simu, zikaonekana zote sita. Nikaondoka nikiamini kazi imekwisha. Kesho yake asubuhi mama mwenye yadi akanipigia akiwa Mbeya: “Fundi, jana usiku nimelala naona mbao zangu, leo sioni kitu.”

Nilirudi, nikakuta ukurasa wa poti haujabadilika hata herufi moja. Kilichokuwa kimefutika ni orodha ya hifadhi ya anwani. Swali lililobaki ni kwa nini jioni ilifanya kazi. Kati ya DVR na ruta palikuwa na swichi ndogo ya mtandao, ile inayogawa kebo, kwa hiyo ruta ilipozima na kuwaka, DVR haikuona kebo yake ikikatika, nayo ikaendelea kutumia 192.168.1.50 iliyokuwa imepewa tangu zamani. Muda wa kukodi anwani ulikuwa dakika 1440, yaani saa 24, na kifaa kwa kawaida huomba kuongezewa muda nusu ya kipindi hicho inapofika. Usiku ule DVR ilipoomba, ruta haikuwa tena na agizo lolote la kuipa .50, ambayo haikuwemo hata katika safu yake ya .100 hadi .199, ikaikatalia na kuipa .103. Kuanzia hapo ruta ilikuwa inapeleka maombi ya mama kwenye anwani isiyo na mtu.

Ili kuthibitisha jambo kama hilo, fungua PowerShell kwenye kompyuta iliyo ndani ya mtandao na ugonge poti ya DVR moja kwa moja:

```
Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 37777
Test-NetConnection 192.168.1.103 -Port 37777
```

Ya kwanza ilileta `TcpTestSucceeded : False`, ya pili `True`. Hapo ilithibitika kwamba DVR ni nzima na imehama tu. Anwani yake mpya niliipata kwenye orodha ya wateja wa DHCP katika ruta, kwa kutafuta namba ya MAC iliyokuwa kwenye karatasi. Nikaandika hifadhi upya, nikaizima na kuiwasha DVR badala ya kusubiri, ikarudi kwenye .50, na kamera zikaonekana Mbeya kabla sijatoka getini. Bila namba ya MAC kwenye karatasi ningelazimika kukisia kati ya vifaa kumi na vinne, vingi vikiwa havina jina.

Tangu siku ile, baada ya kila sasisho huwa naizima na kuiwasha DVR na swichi kabla ya kufanya jaribio la mwisho, ili kila kifaa kiombe anwani yake nikiwa bado nipo.

Jaribio la kutoka nje, na milango iliyofunguka

Jaribio la mwisho lifanyike kwa data ya simu, kamwe lisifanyike kwa waifai ya hapo hapo. Ruta nyingine haziruhusu kifaa cha ndani kutoka na kurudi kupitia anwani ya nje, hivyo utaona kamera zimekataa wakati kutoka Mbeya zinaonekana vizuri. Kinyume chake pia hutokea: programu ya simu ikiwa kwenye waifai ya yadi inaweza kuipata DVR kwa njia ya ndani, ukadhani njia ya nje nayo ni nzima.

Malizia na mstari wa mwisho wa karatasi. Ruta ikirudi hali ya kiwandani, UPnP mara nyingi huwa imewashwa, jambo linaloruhusu vifaa vya ndani kujifungulia poti bila kukuuliza, na nenosiri la msimamizi linaweza kuwa limerudi kuwa lile la kwenye kibandiko. DVR yenyewe iwe na nenosiri ulilolibadilisha wewe: mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na DVR nyingi duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Ikiwa ruta yako ina uwezo wa VPN, ningekushauri uitumie badala ya kuacha poti ya DVR wazi, ingawa nakiri kwamba wateja wangu wengi huona ni kazi ya ziada kuiwasha kila wanapotaka kutazama.

Kisha jaza toleo jipya la programu, tarehe na jina lako kwenye karatasi, na ukate kwa mstari mmoja chochote kilichobadilika badala ya kukifuta, ili thamani ya zamani iendelee kusomeka. Ikiwa ruta ni mali ya kampuni ya mtandao, kampuni inaweza kuisasisha yenyewe kwa mbali usiku bila kukupa taarifa, kwa hiyo linganisha namba ya toleo na karatasi kila unapopita hapo kwa shughuli nyingine. Karatasi ya Mafinga imo ndani ya mfuko wa plastiki, imebanwa nyuma ya kabati la DVR, na msimamizi wa yadi ameonyeshwa ilipo.